Ukurasa Unaopinduliwa

Shemeji yangu alikuwa na kalamu tatu katika mfuko wa abakosi yake, koti lile la wakubwa lisilovaliwa na tai, na katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kuona hata moja ikifanya kazi ya maana. Moja ilikuwa ya wino wa buluu, moja nyekundu, na ya tatu nadhani ilikuwa ya kuonyesha watu. Alikuwa karani katika ofisi ya kampuni ya madini ya serikali, na ukimsikia akiongea ungefikiri shaba yote ya Likasi ilikuwa inapitia mfukoni mwake kabla ya kupanda treni. Kazi yake, niliambiwa baadaye na mtu aliyekaa meza ya pili kutoka yake, ilikuwa kuandika nani amepewa glavu na nani bado.

Mimi nilikuwa na meza sokoni, maharage upande wa kulia, samaki wakavu wa Kapolowe upande wa kushoto. Mtaji haukuwa wangu. Ulikuwa wa mama mkwe, zaire arobaini, fedha ya wakati ule, alizozipata kwa kuuza samaki miaka mingi, akazifunga katika kitambaa, akazitoa siku alipoona miguu haimbebi tena kwenda ziwani. Alinipa mimi kwa sababu nilikuwa bibi, yaani mke, wa mtoto wake wa mwisho na nilikuwa sina kazi. Lakini aliweka sharti moja. Hesabu itashikwa na mtoto wake mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyesoma.

"Weye utauzisha," aliniambia. "Yeye ataandika. Kila mutu na kazi yake."

Nilikubali, nilikuwa mjinga wa miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimekaa miaka mitano kwa masista, najua kusoma, najua kujumlisha, najua hata kugawanya ukinipa muda. Hakuna aliyeniuliza.

Basi ikawa hivi. Kila jioni, kabla jua halijazama, mume wangu alichukua fedha za mauzo na kumpelekea kaka yake, ambaye alikaa katika nyumba za kampuni zenye paa la bati jekundu. Shemeji aliandika mapato, akatia fedha katika kasha. Nikitaka gunia la maharage, namwomba. Nikitaka kutuma mtu Kapolowe kuleta samaki, namwomba. Nikitaka kamba ya kufungia, namwomba! Naye hupenda kuombwa. Ananiacha nimesimama kwenye baraza, anafungua daftari lake kubwa, anatia kidole mate, anasoma kimoyomoyo huku midomo ikicheza, halafu anasema, "Bon. Sitwayeni, caisse itaweza." Sitwayeni, yaani mwananchi, kama tuko ofisini! Mimi niliyemkaangia mayai siku ya posa ya bibi yake.

Mwanzoni caisse, lile kasha, iliweza. Nilikuwa nanunua magunia matatu kwa safari moja. Baada ya miezi michache akasema mawili. Nikasema labda ni msimu. Kisha akasema, "Moja kwanza, sitwayeni, tuone." Nikarudi sokoni na gunia moja kama mtu anayeanza biashara jana, na wauza maharage wenzangu wakaniangalia kwa ile huruma ya sokoni, ambayo si huruma bali ni furaha iliyofunikwa na kitenge.

Wa kwanza kunishuku alikuwa mume wangu. Sitamsamehe vizuri kwa hilo, ingawa nimekaa naye mpaka leo na nimemzalia. Aliniuliza kama natuma fedha kwetu. Aliniuliza kama nina kikundi cha likilimba, kile cha akina mama kuchangiana, ambacho sikumwambia mtu. Kisha akaanza kuja sokoni saa sita, anasimama karibu na wauza kapenta, dagaa wale wadogo wakavu, anafikiri simwoni. Mwanaume mrefu kama mlingoti wa taa, amejificha nyuma ya rundo la kapenta!

Nilikasirika mpaka nikaacha kula. Lakini hasira haijazi gunia, na kitu kilikuwa kinavuja kweli. Hilo sikuweza kulikataa. Nikajiambia, nianze mwanzo kabisa, kwenye kopo.

Nilichukua gunia jipya, nililolilipia zaire sita. Nikalipima lote kwa kopo langu, kopo lile lile la maziwa ya unga ambalo soko zima lilikuwa linatumia. Makopo themanini. Nikaliuza bila kuchanganya na gunia jingine, na kila kopo lililouzwa niliweka kijiwe katika bakuli. Mnajua kwetu huwezi kupima kopo ukaishia hapo. Mteja anabaki amefungua mfuko wake, anangoja matabisi, ile konzi ya juu. Usipomwekea, kesho anapita meza yako akiangalia mawingu. Kwa hiyo gunia likaisha kwa vijiwe sabini na saba. Makopo matatu yalikwenda kwa matabisi. Kopo moja makuta kumi, na makuta mia ni zaire moja, ndiyo zaire saba na makuta sabini. Toa sita. Gunia lilikuwa linaniachia zaire moja na makuta sabini, na nilifanya hivyo kwa magunia matatu mfululizo, yakatofautiana kwa kopo moja tu.

Samaki nao niliwahesabu mmoja mmoja, vichwa na mikia. Waliniachia faida pia, ndogo lakini faida.

Basi meza ilikuwa haivuji. Meza ilikuwa inaleta. Na kama meza inaleta kila siku na kasha linapungua kila mwezi, hata mbuzi angejua tatizo liko wapi. Lakini kwenda kusema hivyo katika ukoo ule? Kumsema msomi, mwenye kalamu tatu? Wangenirudisha kwetu na godoro langu kichwani.

Hawakuningoja niseme. Jumapili moja baada ya misa, shemeji alikuja nyumbani kwa mama mkwe na daftari kwapani na kasha mkononi, bibi yake nyuma amevaa viatu vipya. Mume wangu aliniambia nikae. Nilikaa kwenye mkeka, wao kwenye viti. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake kifupi karibu na mlango, amenyoosha miguu yake iliyovimba, na hakuniangalia.

Shemeji alifungua maneno kwa Kifaransa, ambacho mama yake hasikii hata neno, halafu akarudi kwenye Kiswahili kama mtu anayeshuka ngazi. Alisema kwamba biashara ni mambo ya akili. Alisema kwamba yeye kama karani ameona kasoro. Mapato, zaire mia nne thelathini na moja, pamoja na mtaji. Matumizi, mia nne kumi na mbili. Katika kasha, kumi na tisa. Akafungua kasha mbele yetu, akazihesabu, kumi na tisa kweli, akatuonyesha mikono mitupu kama padri.

"Daftari iko juste," alisema. "Donc daftari haina na makosa. Bibi huyu anakula feza kwenye meza, analeta kidogo. Minye naomba meza ipewe bibi yangu. Yeye alisoma mpaka sixième, mwaka wa sita."

Bibi yake akatazama viatu vyake. Ndiyo hivyo tu. Meza yangu, kopo langu, wateja niliowapata kwa kinywa changu na jua la mgongoni, vyote viende kwa mwanamke ambaye alikuwa hawezi kushika kapenta bila kuziba pua.

Mume wangu alisema polepole, "Minye niliangalia daftari, mama. Inalingana. Ukurasa na mwenzake, inalingana."

Hapo nilitaka kulia, na nikaona hawastahili. Nikamgeukia mama mkwe.

"Mama, weye uliuzisha samaki. Bakati ule ulikuwa unahesabu namna gani?"

"Na maharage," alisema. "Kila feza inatoka, haragwe moja kwenye sahani."

"Tuhesabu vile. Yaya, kaka yetu mukubwa, asome bintu vyote nilinunua, kimoja kimoja. Minye nitaweka maharage. Weye utahesabu."

Shemeji alicheka. Alicheka vizuri, kichwa nyuma, kalamu zikacheza kifuani. Maharage! Yeye, karani wa kampuni, akaguliwe kwa maharage! Lakini mama mkwe alikuwa ameshanyoosha mkono akitaka bakuli, na mbele ya mama yake mtu yule hakuwa karani, alikuwa mtoto mnene tu. Nikaleta bakuli la maharage kutoka jikoni na punje za mahindi. Haragwe moja, zaire moja. Punje moja, makuta kumi. Punje kumi zikitimia, tunaziondoa tunaweka haragwe.

Akaanza kusoma. Magunia matatu ya maharage, zaire kumi na nane. Nikaweka kumi na nane. Nauli ya mtu wa Kapolowe. Samaki. Kamba. Ushuru wa meza. Yote niliyajua, yote nilikuwa nimeyaomba kwa mdomo wangu nikiwa nimesimama kwenye baraza lake. Hakuongeza kitu hata kimoja, na nitampa heshima yake hapo: hakuwa mwizi wa kubuni magunia. Ukurasa wa kwanza ukaisha. Mama mkwe alihesabu kwa makumi, akatenga vifungu, akasema, "Makumi sita na moja."

"Soixante et un," alisema shemeji kwa kuchoka. "Ndiyo imeandikwa. Munaona?"

Akapindua ukurasa. "Report, soixante et onze," akasoma haraka, "gunia mbili za maharage, kumi na mbili..."

"Ngoja," nilisema. "Hiyo ya kwanza ni nini? Report?"

Alifumba macho. Alinieleza kama unavyomweleza mtoto jinsi ya kufunga kamba ya kiatu. Ukurasa ukijaa, jumla yake inavushwa, inaandikwa juu ya ukurasa unaofuata, halafu unaendelea kujumlisha kutoka hapo. Wanafanya hivyo Lubumbashi, wanafanya hivyo Kinshasa, wanafanya hivyo Ulaya.

"Kwa hiyo Report hakuniuzia kitu," nilisema.

"Hapana. Report si mutu!"

"Basi simuwekei haragwe. Bintu vya ukurasa wa kwanza biko hapa kwenye sahani tayari."

Akaangalia mama yake. Mama mkwe, ambaye maisha yake yote hakulipa samaki mara mbili, alisema, "Bibi iko na haki. Soma bintu tu."

Ninakumbuka jinsi sauti yake ilivyobadilika. Mwanzoni alikuwa anasoma kama padri, sasa alisoma kama mtoto anayesoma barua ya mwalimu kwa baba yake. Alianza kuruka mistari, mume wangu akamrudisha. Alisema macho yanamuuma. Bibi yake akamletea maji. Alisema ana mtu wa kumwona saa tisa. Mama yake akasema, "Soma."

Ukurasa wa pili, vitu vya zaire arobaini na nane. Wa tatu, hamsini na saba. Wa nne, hamsini na mbili. Wa tano, sitini. Wa sita, arobaini na tisa. Wa saba, hamsini na tano, na cha mwisho kati ya hivyo ni gunia lile moja la aibu. Vifungu vya kumi vilikuwa vimejaa mkeka. Mama mkwe alishuka kwenye kiti chake, jambo ambalo hakulifanya hata kwa askofu, akakaa chini na miguu yake mibovu, akahesabu kwa kidole.

"Mia tatu makumi nane na mbili."

Kisha mama mkwe akasema, "Nilikosea." Akavuruga vifungu vyote kwa kiganja na kuanza upya.

Wakati ule nilimchukia. Nilijua anachofanya. Alikuwa anaomba maharage yamwokoe mwanawe. Alihesabu polepole, akichukua kila moja kati ya vidole viwili, akiliangalia kama lina jina. Nje watu walikuwa wanatoka misa ya pili, wanacheka. Ilichukua muda mrefu kuliko kanisa.

"Mia tatu makumi nane na mbili," alisema tena. Safari hii hakusema amekosea. Alimwangalia mtoto wake mkubwa. "Weye ulisema mia ine na kumi na mbili."

"Mama, ni question d'écriture. Ni mambo ya maandishi. Mutu hakusoma hawezi..."

Mume wangu alichukua daftari mikononi mwake. Lazima niseme ukweli: hakuwa mpumbavu, alikuwa mwoga tu, na mbele ya kaka yake uoga wake ulionekana kama upumbavu. Alikuwa amelikagua daftari lile mara mbili, na kila mara alifanya kama watu wote wanavyofanya. Alilifungua, akaangalia kurasa mbili zinazotazamana. Chini kushoto, juu kulia, namba moja. Inalingana. Sasa akaenda ukurasa wa kwanza, akasoma chini: sitini na moja. Akapindua. Juu: sabini na moja. Akarudi. Akapindua tena.

Wa pili na wa tatu zilitazamana, zililingana. Chini ya wa tatu, mia moja sabini na sita. Akapindua. Mia moja themanini na sita. Chini ya wa tano, mia mbili tisini na nane. Akapindua. Mia tatu na nane.

Kila mahali karatasi ilipopinduliwa, zaire kumi zilidondoka. Mahali macho yanapoweza kuona kurasa zote mbili kwa pamoja, alikuwa mwaminifu kama mtakatifu. Na kwa kuwa kila ukurasa ulijumlishwa sawasawa kuanzia ile namba ya juu, na kasha lililingana na namba ya mwisho, ungeweza kulikagua mwaka mzima ukampa mkono wa pongezi. Ninakubali ilikuwa kazi safi. Kitu pekee alichokifanya vizuri kwa kalamu zile.

"Kumi," alisema mama mkwe, mume wangu alipomweleza. "Na kumi. Na kumi."

Nilingoja aombe msamaha. Nilikuwa nimejiandaa hata kukataa. Badala yake shemeji alianza kueleza kwamba ilikuwa mkopo. Kwamba alikusudia kurudisha. Kwamba mtu wa nafasi yake ana gharama ambazo sisi watu wa soko hatuwezi kuzielewa. Bibi yake alivuta miguu nyuma, akaificha chini ya kiti, viatu na vyote, na hapo ndipo nilipojua kumi moja ilikwenda wapi. Maskini, nadhani hata yeye ndiyo kwanza alikuwa anajua.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, shemeji akampa ufunguo wa kasha. Mama akanipa mimi. Akasema meza inabaki kwangu, na kwamba mwisho wa kila mwezi, kwa miezi mitatu, mtoto wake ataleta zaire kumi hapa, kwenye mkeka huu, azitoe mbele yangu. Alileta miezi miwili tu. Kumi ya tatu nazidai mpaka leo, na fedha yenyewe ilishakufa, ikaja nyingine, nayo ikafa.

Mume wangu alitoka nje. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akaniambia, "Nisamehe," akiwa ameangalia ukuta. Nilimwambia aende akasimame kwa wauza kapenta.

Sasa kilichonibakia moyoni miaka yote si zaire thelathini. Ni kile kilichofuata. Mama mkwe, akiwa bado chini, alikusanya maharage yote ya hesabu kwa mikono yake, akayarudisha katika bakuli, akanipa.

"Pika," alisema. "Bote watakula hapa."

Nilifikiri ni adhabu. Nilifikiri, mtu huyu hawezi kumeza hata moja, kila haragwe amelisikia likianguka kwenye sahani. Nilipika kwa saa tatu, nikiongeza makaa mara mbili, nikaweka vitunguu na mafuta ya mawese, nikasonga bukari, ugali wetu. Wakati wote huo shemeji alikaa pale pale kwenye kiti kwa kuwa mama yake hakumwambia aondoke. Mwanzoni alishika kichwa. Baada ya saa moja alikuwa anamweleza mume wangu habari za mpira.

Chakula kilipofika, bibi yake hakugusa. Mume wangu alimega mara mbili akaacha. Mama mkwe alikula kidogo, akitazama mlango. Shemeji alinawa mikono mpaka kwenye kiwiko, akakunja mikono ya abakosi, akala. Alikula bukari kwa donge kubwa, akachovya, akalamba kidole kile kile cha kupindulia kurasa. Alimaliza sahani yake kabla ya watu wote, akaifuta kwa donge la mwisho, akainyoosha kwangu mbele ya mama yake aliyevunjika, bila aibu hata ya kusingizia.

"Shemeji," alisema, si sitwayeni tena, "ongeza kidogo."

Nilichukua mwiko. Nikamhesabia maharage, moja moja, kwa sauti, mpaka kumi. Akashukuru, akala.